Njia ya Kibanda cha Gathogo

Wahome aliitazama picha kwenye laptopu, akavua kofia yake ya sufu, akaivaa tena.

"Hii ni Ulaya," akasema.

Nyawira hakuwa na la kubisha. Kibanda kilichokuwa kwenye skrini kilijengwa kwa magogo yaliyopakwa vanishi, na dirishani kulikuwa na maua mekundu. Nyuma yake kilele kilimeremeta theluji kana kwamba kimepigwa pasi. Wapandaji wanne, kila mmoja na begi jipya mgongoni, walikuwa wakicheka kwa meno yote huku jua la dhahabu likiwaangaza kutoka upande ambao Nyawira, kila alipojaribu kuufuatisha, hakuupata.

Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo mjini Nyeri. Wahome ndiye aliyekuwa mwenye kampuni, mtu wa makamo aliyepeleka wageni mlimani tangu ujana wake. Nyawira ndiye aliyeshughulikia ukurasa wao wa mtandaoni: matangazo, picha, na ujumbe wa wateja. Msimu huo wateja walikuwa wamepungua, na Wahome alikuwa na wazo moja lililomkaa kichwani kama kupe. Alitaka watu wakione Kibanda cha Gathogo, kilichobeba jina la mpagazi mzee aliyekijenga mlimani.

Kibanda chenyewe hakikuwapo tena. Moto wa nyasi za juu ulikipitia miaka mingi iliyopita, na upepo ukamalizia. Picha yake halisi haikupatikana, kwa kuwa enzi zile wapagazi hawakuwa na kamera. Wahome aliota kukijenga upya, na aliamini kwamba watu wakikiona watakuja, na wakija kitajengeka.

"Mbona hii programu ya kuchora picha inatuletea haya mambo ya kalenda?" akauliza. "Si uliiandikia Mlima Kenya?"

"Niliandika. Lakini hii programu haijui mlima wetu, mzee. Imefundishwa kwa mamilioni ya picha na maneno yaliyoandikwa kando yake, na nyingi ni picha za watu wanaouza kitu. Ukiiambia 'kibanda cha mlimani, asubuhi nzuri, wapandaji', inakwenda pale ambapo picha za aina hiyo zimerundikana zaidi. Inachukua njia iliyokanyagwa."

Wahome akafikiri. "Kama yule mgeni aliyeambiwa achore Mkikuyu, akachora mzee amevaa ngozi na mkuki mkononi."

"Ndiyo hivyo."

Tangu asubuhi Nyawira alikuwa amehangaika nayo. Aliongeza maneno ya sifa, ya kupendeza, ya kuvutia, yenye ubora wa hali ya juu, na picha ikazidi kuwa tangazo, kwa maana maneno hayo ndiyo yanayobandikwa kwenye matangazo. Aliandika "wapandaji wasitabasamu", na meno yakaongezeka, kwa sababu programu ile ilishika neno tabasamu na kulipita lile la kukataza. Mwishowe akaelewa kwamba sifa hazichori kitu. Kinachochorwa ni kitu chenyewe.

"Kaa hapa," akamwambia Wahome, akamvutia kiti. "Usiniambie kilikuwa kizuri. Niambie kilikuwa na nini."

Wahome alianza polepole kama mtu anayepapasa ukuta gizani, kisha maneno yakamjia. Kuta zilikuwa za mabati, zimeoza kwa kutu kuanzia chini, mahali mvua ilipokuwa ikirusha matope. Bati moja upande wa kushoto lilikuwa jipya kuliko mengine, limepakwa rangi ya kijani iliyobaki kwenye shule fulani. Mlango haukuwa na bawaba, ulining'inizwa kwa vipande vya tairi. Sufuria nyeusi isiyo na mkono ilipinduliwa juu ya nguzo ili isijae maji. Kando palisimama miti ile minene ya mlimani yenye majani kama kabichi, na mmoja wao ulikuwa umevunjika kichwa.

"Na mwanga?"

"Mwanga gani? Huko saa sita mchana ni kama ndani ya maziwa. Hakuna kivuli."

"Aliyekuwa akikitazama alisimama wapi?"

Wahome akacheka kidogo. "Alikuwa amechoka. Alikuwa ameinama."

Nyawira akayaandika yote. Akaandika mabati na kutu na mahali kutu ilipoanzia. Akaandika bati la kijani, tairi, sufuria. Akaandika mwanga mweupe usio na kivuli, ukungu ukikata miti katikati, picha iliyopigwa kwa simu ya kawaida na mtu aliyechoka, ikiinamia upande mmoja, nyasi zilizolowa zikiziba pembe ya chini. Hakuweka watu wala kilele. Kila neno lilikuwa kigingi cha kuizuia mashine isirudi katikati, kule kwenye vibanda vya wengine wote.

Majaribio kadhaa yaliharibika. Mara sufuria ikawa kengele, mara bati la kijani likapotea. Akapunguza baadhi ya mambo, akayaleta mbele yale ya lazima, akajaribu tena. Hatimaye kibanda kikatokea.

Wahome aliinamia skrini hadi pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo. Kilikuwa kibanda kibovu, cha baridi, kilichochoka, na hakuna mtu duniani ambaye angekitilia shaka.

"Gathogo anaweza kutoka hapo sasa hivi," akasema kwa sauti ndogo. Halafu akaweka kidole chini kulia. "Ila hii njia haikuwapo."

Nyawira akaangalia. Kweli, kutoka ukingoni mwa picha njia nyembamba ya udongo ilipanda kwa upole, ikavuka kijito, ikapinda hadi mlangoni.

"Sikuitaja njia," akasema. "Ukikinyamazia kitu, inajaza yenyewe, na inajaza kile cha kawaida. Vibanda vingi kwenye picha vina njia ya kufika mlangoni."

"Sisi tulifika kwa nyuma, kupitia mawe. Huko mbele ni kinamasi, halafu korongo."

"Basi niiondoe."

Wahome akasita. Nyawira alikumbuka kusita huko baadaye, mara nyingi kuliko alivyopenda.

"Acha," akasema. "Inamkaribisha mtu."

Waliiweka kwenye ukurasa Ijumaa, na chini yake maneno aliyoyachagua Wahome: Kibanda cha Gathogo, upande wetu wa mlima. Nyawira alitaka kuongeza kwamba picha imetengenezwa kwa kompyuta na kibanda kimeanguka. Wahome akasema wataongeza wakianza kujenga, watu wasije wakavunjika moyo mapema. Alisema kwa upole, kama mtu anayeahirisha kwenda kwa daktari.

Picha za kampuni za siku zote, zile za jua na vicheko, zilikuwa zikipitwa bila kutazamwa mara mbili. Hii ilisimamisha watu. Walisambaza, wakaulizana, wakaipeleka kwenye makundi yao ya wapenda milima. Kisha yakaanza maoni yaliyomfanya Nyawira aweke kikombe chake chini.

Mtu mmoja wa Timau aliandika kwamba alilala pale na baba yake, na kwamba mlango ule wa tairi ulikuwa ukilia usiku kucha. Mwingine akaandika kwamba kutoka njia panda hadi kibandani si mbali, njia ni safi. Wa tatu akamshukuru.

Nyawira alimpelekea Wahome simu. "Huyu anasema njia ni safi. Njia gani?"

"Watu husema ovyo."

"Hasemi ovyo. Anaiona. Iko kwenye picha."

Moffat, kiongozi wa msafara aliyefanya kazi na Wahome kwa miaka mingi, alikuwa amekaa dirishani akishona mkanda wa begi. Alinyoosha mkono, akapewa simu, akaitazama picha kwa muda.

"Kama ningekuwa sijui," akasema, "ningeenda."

Akarudisha simu, akaendelea kushona. Wahome aliondoka bila kuaga. Jioni hiyo Nyawira aliandika ile sentensi ya onyo kwa mkono wake mwenyewe, lakini aliiweka chini ya picha kwenye ukurasa wao tu. Kule kwingine kote ambako picha ilikuwa imeshafika, ilitembea bila onyo lolote.

Wiki iliyofuata mvua za jioni zilianza mlimani, ingawa mjini jua bado liliwaka. Nyawira alikwenda Othaya kumuuguza mama yake, na mtandao huko kwao ulikuwa wa kuvizia. Alipopanda kwenye kilima kilicho juu ya kiwanda cha chai kutafuta mawimbi, ujumbe ulimwagika kwa pamoja. Mmoja ulitoka kwa mtu aitwaye Mwai, mwalimu huko Kutus. Aliuliza kama Kibanda cha Gathogo kiko wazi, kwa kuwa yeye na dada yake wangependa kulala hapo Jumamosi. Chini yake palikuwa na jibu ambalo ukurasa ulilituma wenyewe kwa kila mtu: Karibu sana, mlima unakungoja.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili.

Akapiga simu ya Mwai. Haikupatikana. Akapiga ya Wahome. Akamuuliza kama anajua lolote kuhusu Mwai.

"Mama yao amenipigia asubuhi," Wahome akasema. "Waliingia kupitia upande wa msitu, bila kiongozi. Maranja wa hifadhi ya mlima wameshaanza kutafuta. Niko njiani na Moffat."

"Wanatafuta wapi?"

"Kwa nyuma, kwenye mawe. Mahali kibanda kilikuwa."

Nyawira alitazama bonde la chai lililokuwa chini yake, kijani tulivu hadi mwisho wa macho. Alijaribu kufikiri kama mtu asiyejua chochote isipokuwa picha. Mtu huyo hatakuja kwa nyuma. Atakuwa na kibanda simuni mwake na atatafuta mahali pa kusimama panapofanana na pale aliposimama mpiga picha. Lakini mpiga picha hakuwahi kuwapo. Mtu huyo atatafuta kijito upande wa kulia, na njia inayopanda kwa upole.

"Wahome, nisikilize. Hawakuenda kwenye mawe. Wamepitia kwa chini. Tafuteni mahali penye kijito na kitu kinachofanana na njia."

"Huko chini hakuna njia."

"Kuna nini?"

Akasikia Wahome akimuuliza Moffat. Akasikia sauti ya Moffat, mbali na simu, ikisema bila haraka: "Iko ya mbogo. Inateremka korongoni."

Walimpata Lynn, dada yake Mwai, alasiri ile. Alikuwa ameketi chini ya jiwe lililoinamia kijito, amejifunika mfuko wa plastiki, na hakuitikia jina lake hadi Moffat alipomshika bega. Mwai walimpata asubuhi iliyofuata, chini zaidi, kwenye kinamasi. Alikuwa amefunga kamba za viatu vizuri na begi lilikuwa mgongoni. Ilikuwa kana kwamba ameketi apumzike kidogo kabla ya kufika.

Nyawira alikwenda hospitalini kumwona Lynn. Hakuna aliyemtuma. Alikuta mama yao amekaa kando ya kitanda, mwanamke mnene aliyevaa kitambaa cha kanisa kichwani, akiwa ameshika mguu wa binti yake juu ya blanketi kana kwamba utakimbia. Nyawira akajitambulisha, akasema ndiye aliyeitengeneza picha. Alikuwa amejiandaa kutukanwa.

Mama yule alimtazama tu. "Kwa hivyo hicho kibanda hakiko?"

"Hakiko, mama."

"Lakini niliona sufuria," mama akasema. "Mwai alinionyesha. Nilimwambia hao watu wanaishi vibaya, hata sufuria haina mkono." Akageuza uso akaangalia ukuta.

Lynn alizungumza taratibu, midomo ikiwa imepasuka kwa baridi. Alisema walipoingia kwenye ukungu Mwai hakuogopa hata kidogo. Walipofika kijitoni alifurahi, kwa sababu kijito kilikuwa kwenye picha. Walipoiona njia akapiga makofi. Njia ilipoanza kuteremka yeye Lynn aliuliza mbona, na Mwai akasema itapinda, kwenye picha inapinda. Mvua iliponyesha alimwacha chini ya jiwe akasema anaenda kufungua mlango, awashe moto, arudi kumchukua.

"Ingekuwa picha nzuri, tusingeenda," akasema. "Zile nzuri tunajua ni za matangazo. Hii ilikuwa mbaya. Mtu hawezi kudanganya na kitu kibaya hivyo."

Nyawira alikuwa amesomea kazi hiyo, alikuwa amehangaika siku nzima kutafuta ni nini kinachofanya picha ifanane na kila picha, na ni kitu gani kidogo, cha pekee, kinachoivunja sura hiyo ya kawaida. Alikuwa amekipata. Kutu, tairi, sufuria, bati la kijani, vyote vilikuwa vya kweli. Vilisimama mstari kama mashahidi waaminifu, na nyuma yao ikapita njia ambayo hakuna aliyeitolea ushahidi.

Wahome alifunga ofisi. Alikwenda kwenye mazishi ya Mwai huko Kutus, akasimama nyuma ya watu wote, na baada ya hapo hakutaka kuzungumzia mlima. Polisi waliandika maelezo yake na ya Nyawira. Nyawira aliifuta picha kwenye ukurasa, kisha akaanza kuisaka kwingine. Aliandikia kila aliyeisambaza. Wengine waliifuta, wengine hawakujibu. Mmoja alimwambia akome kuwaharibia watu mlima wao, kwamba yeye mwenyewe amelala pale. Na siku moja akakutana na picha nyingine kwenye ukurasa wa kampuni asiyoijua. Ilikuwa ya Kibanda cha Gathogo, mabati yale yale, tairi ile ile, lakini kikitazamwa kutoka upande mwingine, na dirishani mshumaa umewaka. Mtu alikuwa ameipa programu picha ya Nyawira na kuiambia iendelee.

Akampigia Moffat. "Nataka kuona mahali penyewe."

"Kuona nini? Hakuna kitu."

"Ndiyo hicho nataka kuona."

Waliondoka alfajiri, Moffat mbele na panga, Nyawira nyuma. Walipita msitu wa mianzi, wakatokea kwenye nyasi za juu zilizolowa. Moffat alimpeleka kwa nyuma, kupitia mawe, kama Wahome alivyosema. Palikuwa na mawe manne ya msingi, kipande cha bati kilichokunjamana kama karatasi, na mti mmoja wenye majani ya kabichi ukiwa umevunjika kichwa. Hewa ilinuka maji na chuma. Nyawira alizunguka mawe yale, akasimama mahali mlango ungekuwa, akaangalia mbele.

Pale mbele nyasi zilikuwa zimelala.

Alidhani ni maji. Akateremka hatua chache na kuona kwamba mashina yamevunjwa kwa kukanyagwa, na kwamba udongo mweusi umeanza kuonekana katikati, mstari mwembamba unaovuka kijito na kupinda. Ulianzia chini, kwenye njia ya mbogo, ukapanda ukielekea kibandani ila haukufika. Mahali fulani ulikuwa umepotea, ukarudi, ukajaribu tena upande mwingine. Kando yake palikuwa na karatasi ya biskuti, bado ina rangi.

"Hii si ya mbogo," akasema.

Moffat akachutama, akaweka kiganja juu ya alama ya kiatu. "Ya majuzi," akasema. "Na hii nyingine. Ni wengi."

"Wanakuja kukitafuta."

"Wanakuja kukitafuta," Moffat akakubali, "na wakiendelea hivi, itakuwa njia kweli."

Walianza kukata matawi. Moffat alikata, Nyawira akayaburuta na kuyalaza kwa kukingama pale mstari ulipovuka kijito. Juu yake wakapanga mawe. Alikuwa amekuja na kibao alichokiandika kwa rangi nyekundu, kwamba hakuna kibanda, rudi. Walikifunga kwa waya kwenye nguzo waliyoisimika hapo, na alipokitazama kutoka mbali kidogo aliona jinsi kilivyo kidogo.

Ukungu ulikuwa ukipanda kutoka korongoni. Haukuja kwa kasi. Uliimeza miti mmoja baada ya mwingine, ukikata kila mmoja katikati kabla ya kuumaliza, vile vile alivyouandika. Moffat akafunga panga kwenye ala.

"Twende, mami. Hapa si pa kukaa."

Ndipo waliposikia sauti. Ilikuwa ya mwanamke, ikicheka, na ya mwanamume ikijibu. Zilitoka chini, ndani ya weupe ule.

Moffat akaweka viganja mdomoni akaita. Sauti zikanyamaza. Akaita tena, akasema rudini, simameni hapo mlipo, hakuna kibanda.

Kwa muda hapakuwa na kitu isipokuwa maji ya kijito. Kisha mwanamume akajibu, kwa furaha, kama mtu aliyefika.

"Tunakuja! Tumeona njia!"

Sauti ilikuwa imetoka mbali zaidi kuliko ile ya kwanza, na chini zaidi. Moffat aliruka matawi waliyokuwa wameyapanga, na Nyawira akamfuata, akishika nyasi kwa mikono miwili, akiita kwa nguvu zote kila alipopata pumzi.